YAH: KUSITISHA JARIDA LINALOLETWA NYUMBANI NA KUDAI FEDHA ZA MATOLEO YALIYOBAKI

14 Julai 2025

Kwa Meneja wa Usambazaji,

Ndugu,

Husika na kichwa cha habari hapo juu. Mimi ni mteja wenu namba 20417, na ada ya mwaka mzima ya matoleo 52 niliilipa kwa mkupuo kabla ya toleo la kwanza la tarehe 6 Januari 2025. Naomba msitishe kuniletea jarida baada ya toleo la 30, litakalotoka tarehe 28 Julai, ili mpate wiki mbili za kurekebisha orodha yenu.

Jarida hili nilimlipia baba yangu, ambaye kila Jumatatu alikuwa akilisoma kibarazani kuanzia ukurasa wa mwisho kurudi wa kwanza. Macho yake sasa hayaoni tena herufi, hata kwa miwani na lenzi, na kuyaona matoleo yakirundikana mezani bila kufunguliwa kunamhuzunisha. Kwa hiyo toleo la mtandaoni halitatufaa, wala sitaki kuhamishiwa jarida jingine. Ninachoomba ni fedha.

Baada ya toleo la 30 yatabaki matoleo 22. Zaidi ya hayo, toleo la 17 (28 Aprili) na la 23 (9 Juni) hayakufika kabisa, na kila mara nilipiga simu wiki hiyohiyo nikaahidiwa kuletewa nakala nyingine, ambayo haikuja. Toleo la 26 lilifika limelowa, kurasa zimegandana, lakini hilo silidai, kwa kuwa sikulitolea taarifa. Jumla ninayodai ni matoleo 24, yaani sehemu 24 kati ya 52 za ada niliyolipa. Naomba hesabu ifanywe kwa ada hiyo, na matoleo 28 tutakayokuwa tumepokea yasigeuzwe kuwa ya bei ya rejareja, kwani kufanya hivyo kutapunguza stahili yangu kwa kigezo ambacho hakimo katika masharti niliyopewa nilipojisajili.

Fedha zirudishwe kwenye akaunti ileile niliyolipia. Aidha, naomba mfute idhini ya kuhuisha usajili kiotomatiki, maana usajili unaweza kusitishwa huku makato ya mwaka unaofuata yakiendelea kusubiri tarehe yake.

Nimeambatisha nakala ya stakabadhi, picha ya lebo ya bahasha yenye namba yangu, na tarehe za simu zangu mbili. Tafadhali nijibuni kwa maandishi ndani ya siku 14, mkitaja toleo la mwisho, kiasi mtakachorudisha na siku kitakapolipwa.

Kijana anayetuletea jarida asilaumiwe kwa matoleo yaliyokosekana. Mara zote mbili alifika getini kutueleza kwamba halikuwamo katika mzigo aliokabidhiwa.

Wenu mwaminifu,

Mteja namba 20417