Ombi la Kulipa kwa Awamu Gharama za Upasuaji wa Mtoto wa Jicho

Mwl. Somoe Issa Nampembe,
Kupitia Ofisi ya Mtendaji wa Kijiji,
Kijiji cha Nanguruwe,
Wilaya ya Mtwara.

13 Mei 2024

Afisa Ustawi wa Jamii,
Hospitali ya Rufaa ya Mkoa,
MTWARA.

Ndugu Afisa,

YAH: OMBI LA KULIPA KWA AWAMU SH. 360,000 ZA UPASUAJI WA JICHO LA KULIA

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Mimi ni mwalimu mstaafu wa shule ya msingi, mwanamke mwenye umri wa miaka 66, mjane. Ninahudhuria kliniki ya macho hospitalini hapo, na daktari amethibitisha kuwa nina mtoto wa jicho macho yote mawili. La kulia limeshaiva: ninaona mwanga wa dirisha tu, na mtu akipita mbele yangu naona kivuli. La kushoto bado linanisaidia kidogo, vidole naweza kuvihesabu vikiwa karibu na uso. Nimepangiwa kufanyiwa upasuaji wa jicho la kulia tarehe 10 Juni, kuwekewa lenzi bandia, kisha la kushoto litafuata baadaye kadiri daktari atakavyoona.

Makadirio niliyopewa ni Sh. 280,000 za upasuaji pamoja na lenzi, Sh. 40,000 za vipimo, yaani presha, sukari na kipimo cha kujua lenzi inayonifaa, na Sh. 40,000 za dawa za matone nitakazotumia baada ya upasuaji. Jumla Sh. 360,000. Kwenye dirisha la malipo nilielezwa kwa upole kwamba fedha hutakiwa kabla ya kuingia chumba cha upasuaji, na kwamba mwenye shida ya kulipa kwa mkupuo aje kwako. Ndiyo sababu ya barua hii.

Naomba nieleweke tangu mwanzo kwamba siombi msamaha. Mwenyekiti wetu wa kitongoji, kwa nia njema kabisa, alitaka kuniandikia kuwa ni mzee nisiyejiweza ili nitibiwe bure. Nilimshukuru nikakataa. Nina nyumba ya bati, nina mikorosho 46 inayozaa, nina mtoto wa kiume anayefanya kazi. Hapa kijijini wapo wazee wenzangu wasio na mti hata mmoja wala mtoto wa kuwatumia senti. Msamaha ni wao, na nisingependa jina langu likae mahali ambapo lingekaa la mmoja wao. Ninachoomba ni muda. Deni nitalilipa lote.

Najua utauliza bima iko wapi, kwa kuwa mwalimu mstaafu kwa kawaida huwa nayo. Nilianza kufundisha mwaka 1978, nikiwa miongoni mwa vijana tuliochukuliwa wakati wa UPE, nikasomea kazi hukuhuku nikiwa darasani. Mwaka 1996 mume wangu aliugua kwa muda mrefu, nikaacha kazi serikalini ili nimuuguze. Mfuko wa bima ya afya ya watumishi ulipoanza mwaka 2001 mimi nilikuwa tayari nje. Kuanzia 2005 hadi 2016 nilifundisha shule ya binafsi. Huko nilichangia NSSF lakini sikufikisha miezi 180, kwa hiyo sikustahili pensheni ya kila mwezi. Nililipwa mafao ya mkupuo, ambayo yaliishia kwenye bati na ada ya watoto. Bima ya matibabu mwajiri hakutuandikisha. Kadi ya CHF ya kaya yangu muda wake umekwisha, na niko tayari kuihuisha iwapo utaona inaweza kubeba sehemu yoyote ya gharama hizi.

Sasa nieleze kwa nini nisingoje msimu wa korosho, nikaja na fedha zote mkononi mwezi Novemba. Nililifikiria hilo, na hata mwanangu alilipendekeza.

Kwanza, daktari amesema jicho la kulia likiachwa liive kupita kiasi, presha ya jicho inaweza kupanda, na madhara ya presha hayarudishwi na upasuaji wowote. Amesema pia kwamba lenzi ikishakuwa ngumu sana kazi ya kuitoa inakuwa nzito zaidi. Sitaki kuja Novemba na fedha kamili kisha niambiwe kilichobaki ni kidogo.

Pili, na hili naomba ulipime vizuri kwa sababu ndilo linalogusa ulipaji wenyewe, fedha za Novemba zinategemea macho ya sasa. Korosho ikianguka huokotwa, hutenganishwa na bibo, huanikwa, kisha huchambuliwa kwa mkono kabla ya kupelekwa AMCOS. Ninakaa juu ya mkeka na ungo mbele yangu, natoa zilizooza, zilizosinyaa, zenye madoa na zile changa, moja baada ya nyingine. Karani wa ghala akikuta chafu nyingi, mzigo wote unashushwa daraja la pili au unarudishwa nyumbani ukachambuliwe upya. Msimu uliopita nilichambua kwa kupapasa. Iliyosinyaa vidole vinaitambua, lakini yenye doa haina tofauti na nzima mkononi. Magunia mawili yalirudishwa, nikalazimika kulipa vijana wa jirani wayachambue, na sehemu ikaingia daraja la pili. Hata hivyo nilipeleka kilo 310, na baada ya makato yote niliingiziwa benki fedha zilizokaribia Sh. 500,000. Nikifanyiwa upasuaji Juni, Oktoba nitakuwa nachambua mwenyewe. Nikisubiri, nitakuwa na korosho nisizoziona.

Wakati huohuo Juni ndipo kazi ya kupulizia salfa inapoanza. Kupulizia hufanywa na kijana wa kukodi, sikusudii kuingia kwenye vumbi lile na jicho bichi, na nimeshapatana naye. Salfa tunapata ya ruzuku kupitia AMCOS, kwa hiyo hakuna mkopo wa pembejeo unaoyasubiri malipo yangu ya mnada. Nalisema hili kwa kuwa najua wakulima wengi fedha zao hukatwa kabla hazijawafikia.

Mpango wangu wa kulipa ni huu. Siku ya kulazwa, au kabla yake mkitaka, nitalipa Sh. 90,000. Hizo ninazo tayari. Nimeuza mbuzi wawili na kuongezea akiba yangu ya kikoba. Kisha kila mwisho wa mwezi, kuanzia Julai hadi Oktoba, nitalipa Sh. 30,000, ambazo kwa miezi minne zitafika Sh. 120,000. Katika hizo, Sh. 20,000 zitatoka kwa mwanangu anayeendesha bodaboda Mtwara mjini, ambaye hunitumia kiasi hicho kila mwezi, na Sh. 10,000 ni za makopa ninayouza hapa kijijini. Salio la Sh. 150,000 nitalilipa kwa fedha za korosho, mara malipo ya mnada yatakapoingia, na kwa vyovyote kabla ya tarehe 31 Desemba 2024. Minada ikienda haraka na fedha zikaingia Novemba, nitalipa Novemba.

Kiasi cha Sh. 30,000 nimekipanga nikijua hali ya nyumbani. Ningeweza kuandika Sh. 50,000 ili ombi lipendeze, lakini mwezi wa pili ningeshindwa, na ningekuwa nimekudanganya wewe na kumharibia mwalimu au mkulima mwingine atakayekuja na ombi kama langu.

Mwanangu amekubali kuwa mdhamini na atafika mwenyewe ofisini kwako kutia saini siku utakayotaja. Nimeongea naye pia juu ya jambo ambalo watu huona vibaya kulitaja: Mungu akinichukua kabla deni halijaisha, yeye atalimalizia kwa korosho za msimu huo kabla mali haijagawanywa. Ndugu zake wanajua, na Mtendaji wa Kijiji ameliandika katika barua yake.

Nina maombi madogo matatu yanayoambatana na hili. Naomba kila awamu nitumiwe namba yake ya malipo kwa simu, ili nilipe kwa wakala hapahapa Nanguruwe badala ya kumtuma mtoto na fedha taslimu kwenye gari. Kwa sasa noti ya elfu tano na ya elfu kumi sizitofautishi mpaka niulize, na mtu mzima kuuliza fedha yake mwenyewe mbele ya watu ni jambo linaloumiza. Naomba pia mpango ukikubaliwa uandikwe kwenye faili langu, ili nikija kuangaliwa kesho yake, baada ya wiki, na baada ya mwezi, nisirudishwe dirishani kwa sababu ya salio. Na naomba majibu yapatikane kabla ya tarehe 3 Juni, maana nikikosa orodha ya upasuaji ya tarehe 10 sijui nitapangiwa lini tena, na kijana wa kunisindikiza lazima aombe ruhusa shuleni.

Kijana huyo ni mjukuu wangu wa kidato cha tatu, ndiye aliyeiandika barua hii nikiitamka. Amenisomea mara mbili na nimesahihisha palipohitaji. Saini ni yangu; amenishikia rula pale mstari ulipo. Kama kuna fomu ya ustawi ya kujaza, au kama utapenda kunihoji uso kwa uso au kumtuma mtu afike nyumbani, milango iko wazi. Ofisi ya Mtendaji iko karibu na barabara, na yeyote utakayemuuliza nyumba ya Mwalimu Somoe atakuelekeza, kwa kuwa wengi wao nimewafundisha kusoma. Namba yangu ya simu na ya mwanangu zimo kwenye kadi ya kliniki.

Naambatanisha nakala ya makadirio ya gharama, nakala ya kadi ya kliniki yenye tarehe ya upasuaji, barua ya utambulisho ya Mtendaji wa Kijiji, stakabadhi za AMCOS za msimu wa 2023/2024, na nakala ya kitambulisho cha taifa changu na cha mdhamini.

Ukiona mpango huu una mahali pa kurekebishwa, kwa mfano malipo ya kwanza yaongezwe kidogo, naomba niitwe tuzungumze kabla ombi halijakataliwa. Mbuzi mmoja bado yupo.

Nashukuru kwa muda wako, na nawashukuru wauguzi wa kliniki ya macho ambao hunishika mkono kutoka benchi hadi kwa daktari bila kuombwa.

Wako katika ujenzi wa taifa,

(Saini)

Mwl. Somoe Issa Nampembe
Mwalimu mstaafu, Nanguruwe

Nakala: Mtendaji wa Kijiji cha Nanguruwe
Nakala: Mdhamini