GHALA: majibu ya menyu kwa kitochi, mahindi ya Kongwa, kuvuna hadi kuuza

Kwa anayeingiza kwenye mtambo: haya yaingie neno kwa neno. Hakuna jibu linalozidi herufi 160, nafasi na nukta zikiwemo. Usinakili kutoka simu janja, maana huipinda alama ya juu kwenye ng'ombe, na alama moja iliyopinda hushusha ujumbe mzima hadi herufi 70. Mkulima hupata vipande viwili au vitatu, pengine cha pili kikitangulia. Kitochi huonyesha mistari michache tu, hivyo jambo likae juu na chaguo chini. Popote pale 0 ni mwanzo na 9 ni nyuma, hata pasipoandikwa.

Akituma GHALA (pokea pia gala, ghara na GHALA yenye nukta)

GHALA - mahindi
1 Kukausha
2 Kupima ukavu
3 Kufunga
4 Wadudu
5 Sumukuvu
6 Kuuza
Jibu kwa namba moja tu.

1

Mahindi yako wapi sasa?
1 Bado shambani
2 Yamevunwa, hayajapukuchuliwa
3 Yamepukuchuliwa
0 Mwanzo

1 > 1

Menya, ng'oa punje utazame kitako. Kikiwa na doa jeusi, yamekomaa. Vuna upesi: dumuzi huanzia shambani.
0 Mwanzo

1 > 2

Usimwage chini. Weka kwenye kichanja au turubai, maganda yote yatoke. Gunzi lenye ukungu au matundu tenga kando.
1 Nipukuchue lini?
0 Mwanzo

1 > 2 > 1

Ng'ata punje: ikivunjika kwa mlio, pukuchua. Usipige kwa fimbo. Punje iliyopasuka ni mlango wa ukungu na wadudu.
0 Mwanzo

1 > 3

Tandaza kwenye turubai, unene wa vidole 2. Geuza kila saa 1. Jioni kusanya, funika. Siku 2-3 za jua kali, kisha pima.
1 Pima
0 Mwanzo

Neno MVUA, likitumwa wakati wowote

Yaliyolowa usiyafunge hata usiku mmoja. Tandaza ndani penye upepo, unene wa kidole 1, geuza usiku pia. Jua likitoka anika upya.
0 Mwanzo

2

Una chumvi, na chupa ya kioo yenye kifuniko?
1 Ninavyo
2 Sina chupa
3 Nina mashine ya unyevu
0 Mwanzo

2 > 1

HATUA 1/3. Anika au kaanga chumvi mpaka ikauke kabisa, ipoe. Tia vijiko 3 vya chakula kwenye chupa kavu.
1 Endelea

2 > 1 > 1

HATUA 2/3. Tia mahindi hadi theluthi ya chupa. Yatoe katikati na chini ya rundo, si juu tu. Funga, tikisa dakika 1.
1 Endelea

2 > 1 > 1 > 1

HATUA 3/3. Acha chupa itulie dakika 15, kisha tazama kioo.
1 Chumvi imeganda kwenye kioo
2 Kioo ni safi
3 Sina hakika

Akijibu 1

BADO. Unyevu umezidi 15%. Rudisha juani siku 1, pima tena kwa chumvi mpya. Usiyafunge kwenye mfuko wowote.
0 Mwanzo

Akijibu 2

VIZURI, yako chini ya 15%. Lakini yanatakiwa 13.5% na chumvi haifiki huko. Anika siku 1 zaidi ya jua kali, yapoe, ndipo ufunge.
1 Kufunga
0 Mwanzo

Akijibu 3

Rudia kwa chumvi mpya. Chupa yenye maji hata tone hudanganya. Pima sehemu 3 za rundo: moja ikigandisha chumvi, yote yarudi juani.
0 Mwanzo

2 > 2

Chupa ya soda ya kioo inatosha, ioshe, ianike. Ukikosa, leta kopo 1 la mahindi ghalani. Mashine ipo Jumatatu-Ijumaa, saa 3-9 mchana.
0 Mwanzo

2 > 3

Mashine inasoma ngapi?
1 13.5 au chini
2 13.6 hadi 15
3 Zaidi ya 15
0 Mwanzo

Jibu la 1 lipeleke 3 > 1. Jibu la 3 lilete ule ujumbe wa BADO.

2 > 3 > 2

Karibu. Anika siku 1-2, geuza kila saa. Acha yapoe kabla ya kupima: mahindi ya moto hudanganya mashine.
0 Mwanzo

3

Umepima ukavu?
1 Ndiyo, ni makavu
2 Bado
0 Mwanzo

Akijibu 2 apelekwe kwenye 2, bila njia ya mkato. Mfuko usiopitisha hewa huwamaliza wadudu, lakini mahindi mabichi huozea humo humo, na mwenye mali hagundui mpaka siku ya kufungua.

3 > 1

Utahifadhi kwenye nini?
1 Mfuko wa tabaka 3
2 Gunia la kawaida
3 Silo ya bati
0 Mwanzo

3 > 1 > 1

HATUA 1/4. Jaza hewa kila mfuko wa ndani kama puto, kaza mdomo, bana. Ukisikia hewa inatoka, una tundu: usitumie.
1 Endelea

Akiendelea

HATUA 2/4. Vika mfuko mmoja ndani ya mwingine, yote ndani ya gunia. Jaza kidogo kidogo ukishindilia. Acha mdomo wa sm 30.
1 Endelea

Akiendelea

HATUA 3/4. Toa hewa kwa viganja. Sokota mdomo wa mfuko wa ndani, kunja, funga kamba kwa nguvu. Fanya hivyo wa pili, mwisho gunia.
1 Endelea

Akiendelea

HATUA 4/4. Weka juu ya chaga, mbali na ukuta na jua. Usitie dawa. Usifungue kuchungulia: hewa ikiingia wadudu wanapona.
1 Na ya kula?
0 Mwanzo

Akijibu 1

Tenga mfuko 1 wa kula tangu siku ya kwanza. Kila ukichota toa hewa, funga papo hapo. Panya akitoboa, hamishia mfuko usio na tundu.
0 Mwanzo

3 > 1 > 2

Gunia la kawaida halizuii dumuzi. Tumia dawa ya unga ya nafaka iliyosajiliwa. Kipimo ni cha kwenye pakiti, si cha jirani.
1 Kuchanganya
2 Usalama
0 Mwanzo

3 > 1 > 2 > 1

Mwaga mahindi makavu kwenye turubai, nyunyiza dawa, geuza kwa koleo mpaka isambae. Ukiimwaga juu ya gunia lililojaa, chini haifiki.
0 Mwanzo

3 > 1 > 2 > 2

Funika pua na mdomo, vaa glavu, nawa kwa sabuni. Usile kabla ya siku zilizoandikwa kwenye pakiti. Dawa ya shambani USITIE kwenye chakula.
0 Mwanzo

3 > 1 > 3

Iweke chini ya paa, juu ya chaga, mbali na jua. Jaza hadi juu. Funga mfuniko, zungushia mpira wa tyubu ya baiskeli kuziba hewa.
0 Mwanzo

4

Unaona nini?
1 Unga mwingi, punje tupu
2 Mdudu mwenye pua ndefu
3 Nondo wadogo
4 Panya
0 Mwanzo

Menyu hii inauliza anachokiona, si jina la mdudu. Dumuzi huyo huyo mmoja humwita skania, mwingine humwita fukusi, na dawa inakwenda kombo.

4 > 1

Ni dumuzi (skania). Hutoboa hata mbao za ghala. Chekecha leo, teketeza unga na mabaki, anika, kisha mfuko wa tabaka 3.
1 Kufunga
0 Mwanzo

4 > 2

Ni fukusi. Chekecha, anika, kisha mfuko au dawa. Mahindi ya mwaka jana yasilale na mapya: huhama usiku mmoja.
1 Kufunga
0 Mwanzo

4 > 3

Nondo hupenda mahindi ya gunzi na tabaka la juu. Pukuchua, chekecha, funga.
0 Mwanzo

4 > 4

Inua chaga, acha njia ya kupita kuzunguka magunia, ziba matundu, fyeka majani nje. Sumu ya panya isikae karibu na chakula.
0 Mwanzo

5

Sumukuvu haionekani wala hainuki. Kupika hakuiondoi.
1 Punje zina ukungu
2 Niwape mifugo?
3 Mtu anaumwa
4 Kiwango cha soko
0 Mwanzo

5 > 1

Chambua kwa mkono: toa zenye ukungu, zilizobadili rangi, zilizovunjika, zilizosinyaa. Sumu hupungua, haiishi. Ulizotoa fukia.
0 Mwanzo

5 > 2

HAPANA. Kuku hudumaa au hufa. Ng'ombe akila, sumu hutokea kwenye maziwa anayokunywa mtoto. Usichanganye hata kidogo.
0 Mwanzo

5 > 3

Macho ya njano, tumbo kuuma au kujaa, kutapika, miguu kuvimba: nenda kituo cha afya SASA. Acheni unga huo. Beba kidogo upimwe.

Ujumbe huu hauna chaguo kwa makusudi: anayeusoma asibaki kubonyeza. Mwaka 2016 sumukuvu iliua watu Dodoma na Manyara, na unga ulikuwa wa nyumbani. Akituma 5 > 3, namba yake imfikie pia afisa ugani wa zamu.

5 > 4

Kiwango cha sumukuvu Afrika Mashariki kwa kilo 1: aflatoksini zote mikrogramu 10, aina ya B1 pekee 5. Jicho halipimi. Sampuli iende maabara.
0 Mwanzo

6

Kuuza
1 Mizani
2 Lumbesa
3 Stakabadhi ya ghala
0 Mwanzo

6 > 1

Uza kwa kilo. Tazama stika ya Wakala wa Vipimo. Kabla ya kupakia, mizani isome 0. Debe lenye kilima ni kilo unazotoa bure.
0 Mwanzo

6 > 2

Lumbesa ni gunia lililoongezwa shingo. Kilo zinaongezeka, bei imesimama. Akikataa mizani, usimpakilie.
0 Mwanzo

6 > 3

Kabla ya kusaini soma: jina lako, kilo, daraja, unyevu, tarehe. Kimoja kikikosekana usiondoke. Andika namba yake pembeni.
0 Mwanzo

Majibu ya makosa

Herufi O badala ya sifuri ndilo kosa kubwa kuliko yote, hasa simu ikiwa kwenye hali ya herufi. Mtambo uisome kama 0 bila kumrudisha mtu. Usome pia "moja", "2." na "namba 3". Ukishindwa kabisa:

Sijaelewa. Tuma namba moja tu, mfano 2. Kuanza upya tuma sifuri, 0.

Akikosea mara ya 3

Tuma neno PIGA. Afisa ugani atakupigia leo kabla ya saa 12 jioni. Hulipii.

Akituma PIGA baada ya saa 12 jioni

Tumepokea. Utapigiwa kesho kati ya saa 2 na saa 4 asubuhi. Simu iwe na chaji.

Akinyamaza zaidi ya dakika 30 kisha akatuma namba akiwa katikati ya hatua (kwenye chumvi hutokea kila mara, maana anasubiri chupa), usimrudishe mwanzo:

Ulikuwa HATUA 3/3 ya kupima kwa chumvi.
1 Endelea hapo
0 Mwanzo

Akituma ACHA

Umetoka. Hutapokea tena ujumbe. Ukitaka kurudi tuma GHALA.