Huyo anayeelea ni mimi

Huyo mwenye kofia ya kuogelea ya rangi ya machungwa, macho kayafumba, mdomo kauacha wazi kama anayesubiri kupimwa homa, ni mimi. Picha ilipigwa Jumamosi, saa nne kasoro asubuhi. Leo Alhamisi. Siku zote hizo imekaa kwenye simu, naifungua, naifunga, naifungua tena watu wakishalala.

Jumapili usiku nilijaribu kuikata. Nilianza kwa kuondoa mapaja, nikaja tumbo, nikapanda kifua, mwisho nikabaki na kichwa peke yake juu ya maji ya buluu. Kichwa kimefumba macho, hakina mwenyewe. Kilinitisha kuliko mapaja. Nikairudisha nzima, na nzima ndiyo mnayoiona.

Vazi la kuogelea ni la dada yangu. Kwake ile mistari myeupe ya ubavuni huwa imenyooka. Kwangu imeamua kuzunguka.

Nina miaka 46, na hadi Februari mwaka huu maji yangu yalikuwa yanaishia magotini. Nimekaa pembeni mwa mabwawa mengi nikilinda viatu vya watu, nikishika simu za watu, nikiwapiga watu picha. Fungueni albamu yoyote ya familia yetu mnitafute. Mtanipata chini ya picha, kivuli kirefu chenye viwiko viwili vilivyotokeza. Wengi wenu mna picha nzuri kwa sababu ya viwiko hivyo.

Hii amepiga binti yangu. Ana miaka 11 na hana huruma. Alipiga magoti ukingoni, upande wa miguu yangu, ndiyo maana vidole vyangu vya miguu vimefika kwenye picha kabla yangu. Kilicho karibu na lenzi ya simu hukua, kilicho mbali husinyaa. Kwa hesabu hiyohiyo, kichwa changu ni kikubwa kuliko kinavyoonekana hapa, lakini hilo mlikuwa mnalijua.

Ile miduara miwili kuzunguka macho ni alama ya miwani ya kuogelea. Nilikuwa nimeikaza kama mtu anayefunga mzigo juu ya basi.

Uso wenyewe, nilipouona mara ya kwanza, nilimwambia binti yangu, "Huyu nani?" Akasema, "Mama, huyo ni wewe, ndivyo ulivyo." Nilikasirika kidogo. Baadaye nikakumbuka kitu nilichowahi kusoma: mwaka 1977 watafiti waliwaonyesha watu picha zao wenyewe za namna mbili, moja ya kawaida na nyingine imegeuzwa kama kwenye kioo. Wenye nyuso wengi walipenda ile ya kioo. Marafiki zao wakapenda ile ya kawaida, kwa kuwa ndiyo waliyoizoea. Kwa hiyo uso huu ninyi mnaujua miaka mingi. Mgeni wake ni mimi.

Sasa tuje kwenye kuelea, maana hapo ndipo penye habari.

Mwalimu wangu ni kijana wa maneno machache. Kwa wiki saba ameniambia sentensi moja tu: "Mama, achia shingo." Mimi namjibu, "Nimeachia," huku shingo imekakamaa kama mpini wa jembe. Ukilala chali majini, mapafu yaliyojaa hewa yanakubeba kifuani, lakini miguu haina hewa, ina mifupa na misuli, kwa hiyo yenyewe inataka kwenda chini. Ukishtuka, unainua kichwa kuchungulia kama miguu bado ipo. Ukiinua kichwa, kiuno kinashuka. Ukihisi kiuno kimeshuka, unachungulia zaidi. Mimi nimezama mara nyingi sana katika maji yanayonifika kifuani nikisimama, kwa sababu ya kuchungulia.

Na kuna suala la masikio. Hakuna aliyeniambia kwamba ili uelee sawasawa ni lazima masikio yaingie majini. Yakishaingia, kelele zote za bwawa zinakatika, unabaki na pumzi yako tu, kubwa, kama ya mtu mwingine aliyelala chumba kimoja na wewe. Wiki tatu za mwanzo nilikuwa nakurupuka kila nikiisikia.

Jumamosi sijui nilifanya nini tofauti. Pengine nilikuwa nimechoka tu, sikulala vizuri Ijumaa. Mwalimu aliweka kiganja chini ya mgongo wangu kama kawaida. Nikavuta pumzi, nikaishikilia, nikapeleka mikono nyuma ya kichwa alivyonifundisha ili miguu ipate wa kushindana naye. Masikio yakaingia. Nikaisikia ile pumzi na sikuikimbia. Kidevu kikaenda juu chenyewe, na ule mdomo, ndiyo, nao ukafunguka wenyewe. Nikawa najisemea moyoni, kiganja cha huyu kijana leo ni chepesi kweli.

Tazameni kulia kabisa mwa picha, pembeni. Yule aliyesimama majini, filimbi shingoni, ndiye mwalimu. Nimemuomba ruhusa ya kumweka, akakubali, ila jina akasema niliache. Mtazameni mikono. Ameikunja kifuani. Yote miwili.

Ndiyo sababu kukata kumenishinda. Kila nikikata ili mimi nipendeze, mikono ile inatoka kwenye picha, na bila mikono ile hiyo ni picha ya mama mmoja kalala majini kafungua mdomo. Nimejaribu pia kuitia rangi nyeusi na nyeupe, ikawa kama tangazo la msiba.

Binti yangu anasema aliniona nikielea peke yangu sekunde tisa. Alihesabu kwa sauti, nimeambiwa, na watoto wawili wa bwawa la pili wakamsaidia kuhesabu. Mimi sikusikia, masikio yalikuwa kazini. Nimeomba zihesabiwe kuwa kumi, akakataa.

Nimeiweka picha hii mchana kweupe, watu wa kazini mkiwa macho, shemeji zangu mkiwa macho, na yule jirani anayependa kila kitu ninachoweka kabla hata hakijafunguka, karibu na wewe. Dada yangu ameshacheka, amecheka kwa simu dakika nzima, kisha akaniuliza vazi lake nitamrudishia lini. Simrudishii. Jumamosi hii nina darasa tena, na mwalimu amesema tunaanza kupiga miguu.

Mikono yangu ina baridi kidogo wakati naandika. Nikishabonyeza naiweka simu chumba kingine, naenda kukunja nguo. Maswali yenu nitayajibu jioni, hasa ya wale ambao nanyi mnalinda viatu vya watu.

Halafu telezesheni, kuna picha ya pili. Hiyo ni sekunde ya kumi. Nilikuwa nimefumbua macho, nikaiona ile mikono imekunjwa, nikachungulia. Huo mkono mmoja unaotokeza kwenye maji ni wangu.