Kuhusu nafasi ya Dar: naitaka, ila niko katikati ya msimu

Habari za majukumu dada Rehema,

Samahani sana kwa kuchelewa, ujumbe wako wa LinkedIn niliuona Jumanne usiku nikiwa Newala, mtandao unakuja unakatika, halafu jana kutwa nilikuwa ghalani hata simu sikuishika. Asante kwa kunitafuta. Jina langu sijui umelitoa kwa nani ila umepatia, maana hiyo kazi uliyoielezea, kusimamia mzigo kuanzia mnadani mpaka unapanda meli, ndiyo ninayoifanya mwaka wa sita sasa, tofauti ni kwamba mimi niko kwenye korosho tu na hao wateja wako wana ufuta na mbaazi pia, na hapo ndipo ulipozidi kunivuta kwa sababu ufuta wa Lindi nimeuonja kidogo, msimu mmoja niliazimwa kule Nachingwea, na nilipenda.

Sasa nisikuzungushe. Kazi naitaka. Kuanza tarehe 1 Desemba kama ulivyoandika siwezi, na siyo kwamba najifanya ghali ili mpandishe dau, ni kweli siwezi.

Wewe uko Dar pengine msimu unausikia kwenye taarifa ya habari tu, ila huku kusini kuanzia Oktoba mpaka Januari hakuna anayeacha kazi ya korosho akaangaliwa vizuri tena. Mnada ukifungwa leo Tandahimba, kesho kutwa kuna mwingine Masasi, wakulima wakiikataa bei mnarudi mikono mitupu, wakiikubali basi pesa inatakiwa iingie haraka, mzigo utoke ghala kuu, malori yapange foleni kwenda bandarini, na mimi katikati hapo ndiye nasaini kwamba hizi gunia ndizo tulizonunua na siyo nyingine. Jana tu nimekataa lori zima. Sampuli kilo moja, tumekata korosho moja moja kwa ile mashine ya mkono, tumetoa kiini kizuri tumeweka kwenye mizani, imetoka gramu 255, ukipiga hesabu ni ratili 45 kwa gunia la kilo 80 wakati karatasi ya ghala inasema 48. Kwa mtu wa nje ratili 3 ni kitu kidogo. Kwa kontena zima ni ugomvi na mnunuzi wa India, na jina linaloandikwa kwenye ugomvi huo ni langu. Kijana ninayemfundisha kazi hii ana miezi minne kazini, mkono mwepesi na vidole vyake vimeshababuka na mafuta ya ganda kama vyangu, lakini kusema HAPANA mbele ya dereva na mwenye ghala bado hajaweza. Nikimuacha sasa watamla mzima mzima.

Halafu kuna bonasi ya msimu, nayo sitaificha, inalipwa mwisho wa Januari na ukiondoka kabla haupati kitu. Nina mipango nayo.

Kwa hiyo hesabu yangu iko hivi: barua ya kuacha kazi naandika tarehe 15 Januari, sheria inataka notisi ya siku 28 kwa sisi tunaolipwa kwa mwezi, inaisha tarehe 12 Februari, na Jumatatu ya tarehe 16 naweza kuwa nimekaa kwenye kiti cha Dar. Bonasi wakisema haihusu aliyeandika notisi nitasogeza barua iwe tarehe 1 Februari, basi itakuwa mwanzoni mwa Machi. Zaidi ya hapo sisogei. Na kama mteja wako anataka mtu wa Desemba kweli, muda hausogei kabisa, mpe mwingine bila kuona aibu, sitanuna, ila niambie ili nisiendelee kuota. Kuna vijana wawili watatu nawafahamu ambao wapo huru, ukitaka nitawauliza kwanza wao halafu nikupe namba.

Kama muda unaweza kusubiri, naomba unisaidie mambo haya kabla hatujafika mbali. Kampuni yenyewe ni ipi? Najua mnapenda kuficha mwanzoni, ila biashara hii ni ndogo, wanunuzi wote tunakutana minadani, na kuna wawili watatu ambao siwezi kwenda kwao hata kwa dhahabu. Nafasi imeachwa na mtu au ni mpya? Kama imeachwa, aliondoka kwa nini? Na ukisema "milioni 2 na nusu" ni kabla ya makato? Mimi bado nalipa mkopo wa chuo, asilimia 15 inakwenda HESLB, weka NSSF asilimia 10, weka kodi, kinachobaki mkononi kinakuwa mtu mwingine kabisa. Huku Mtwara nakaa nyumba ya baba mdogo Chuno, silipi kodi ya nyumba. Nikija Dar mwenye nyumba atataka miezi sita au mwaka mzima mkononi, kwa hiyo swali langu kubwa kuliko hata mshahara ni kama wanatoa chochote cha kuhamia. Mke wangu ni mwalimu Mikindani, uhamisho wake utaombwa kwenye mfumo na sote tunajua hauji kwa wiki mbili, kwa hiyo miezi ya mwanzo nitakuwa na nyumba mbili na nauli za kilomita 560 kila nikitaka kumuona mtoto. Siombi huruma, nataka tu mjue hesabu ninayopiga.

Ninachoweza sasa hivi: wasifu wangu nitautuma leo usiku, ule wa LinkedIn ni wa zamani. Usaili wa video nauweza, ila iwe baada ya saa 2 usiku au Jumapili, mchana nikiwa ghalani usinitegemee. Na mwisho wa Desemba nitakuwa Dar, shemeji yangu anaoa Mbagala Jumamosi ya tarehe 27, kwa hiyo Jumatatu ya tarehe 29 nipo, nikavae shati nije kuonana nao ana kwa ana kabla sijapanda basi la kurudi.

Ombi moja zito. Usimpigie mtu yeyote wa kazini kwangu, hata kwa kuulizia kiujanja. Miaka miwili iliyopita wakala mmoja alichukua wasifu wangu akausambaza kama kipeperushi, ukamfikia bosi wangu huyu huyu, nikaitwa ofisini nikaulizwa "unatukimbia?" wakati hata usaili sijafanya. Nilikaa msimu mzima naangaliwa kama mtu wa kangomba. Wadhamini nitakupa wawili, mmoja aliyekuwa meneja wangu wa zamani na mwingine wa ghala la chama, ila baada ya ofa kuandikwa, siyo kabla. Na wasifu wangu usiupeleke kwa kampuni nyingine yoyote bila kuniuliza kwanza.

Kwa hiyo nakusikiliza wewe. Waulize tu kama wanaweza kungoja mpaka tarehe 16 Februari, hilo likikaa sawa mengine tutayaongea. Nitumie kwa wasapu ile namba iliyo kwenye wasifu, maandishi tu, sauti sitazisikia na kelele za malori.

Wako,
Hamisi
Mtwara