YAH: Madai ya mzigo pungufu na maboksi yaliyoharibika, ankara namba 2257 ya tarehe 7 Machi 2025

Kumb. Na.: MNZ/MADAI/03/2025
Duka la Jumla, Mwanjelwa
Jiji la Mbeya
13 Machi 2025

Meneja Mauzo wa Mikoani,
Dar es Salaam.

Ndugu Meneja,

Husika na kichwa cha barua hapo juu.

Mzigo wa oda yetu namba 118 umefika ghalani kwetu Mwanjelwa alfajiri ya Jumanne, tarehe 11 Machi. Tulipoushusha tumekuta pungufu ya maboksi 30, na baadhi ya yaliyofika yamelowa au kupondeka kiasi cha kutouzika. Tunaomba mtutolee krediti noti ya shilingi 2,288,846, VAT ikiwemo. Ufafanuzi ni huu.

Ankara yenu inatutoza vitu vinne: sabuni ya miche maboksi 400 kwa shilingi 27,000, sabuni ya unga maboksi 250 kwa 38,400, juisi ya lita moja katoni 120 kwa 30,000, na biskuti katoni 200 kwa 18,000. Jumla kabla ya kodi ni 27,600,000, VAT ya asilimia 18 ni 4,968,000, na ya kulipa ni 32,568,000. Bei ni ya kufikishiwa ghalani Mbeya, na lori mmelikodi ninyi. Nalitaja hili mapema ili suala la nani anabeba hasara ya njiani lisitupotezee muda.

Kuhusu upungufu. Lakiri ya mlango wa nyuma, namba 048213, ilikuwa nzima na namba yake inalingana na iliyoandikwa kwenye dilivari noti. Ilikatwa saa 1:20 asubuhi mbele ya dereva, na kabla ya kukatwa tuliipiga picha. Kwa hiyo hatumtuhumu dereva wala utingo wake. Mzigo ulihesabiwa na watu wawili mlangoni, karani wetu upande mmoja na utingo upande wa pili, kila mmoja na karatasi yake ya kupiga vijiti vitano vitano. Kila maboksi 50 yakishuka walisimama kulinganisha. Karatasi zote mbili zinasema miche 376. Hatukuridhika, tukaipanga upya ghalani kwa mafungu ya 25: mafungu 15 na boksi moja juu. Ni 376 ile ile.

Hapa tunaomba mhusika wenu wa upakiaji asome kwa makini. Miche ilipangwa ndani ya lori kwa safu za maboksi 24, sita kwa upana na manne kwa kimo. Maboksi 400 yangekuwa safu 16 kamili na safu ya mwisho yenye 16. Tulichokuta ni safu 15 kamili na ile ya mwisho yenye 16 vilevile. Yaani kilichokosekana ni safu moja nzima, si boksi mbili tatu zilizochomolewa. Mzigo ukiibwa hautoki kwa mpangilio huo. Kwa maoni yetu karani wenu alihesabu safu, sio maboksi, na safu moja akaihesabu mara mbili. Mkikagua ghala lenu huenda mkakuta maboksi 24 ya ziada.

Biskuti zimefika katoni 194, pungufu sita. Kwa hizo sababu hatuna, ila hesabu zote mbili zinakubaliana.

Kuhusu maji. Kontena la lori lina matundu mawili kwenye paa, kona ya mbele kushoto. Baada ya kushusha tulifunga milango, karani akabaki ndani, na mwanga ukaingia kwa matundu hayo kama tochi mbili. Picha namba 9 na 10 zinaonyesha. Dereva alisema mvua ilimpiga kuanzia Makambako hadi Chimala. Sabuni ya unga ndiyo iliyokuwa imepakiwa kwenye kona hiyo. Maboksi yote 250 yamefika, lakini 31 yamelowa. Sabuni ya unga ikiingiwa na maji inaganda ikawa tofali, na pakiti ambayo haikupasuka inaweza kuwa imeingiza maji kwenye mshono bila kuonekana kwa nje. Ndiyo sababu hatukuangalia boksi tu. Tulifungua yote 31, pakiti 744, tukabonyeza moja moja. Pakiti 212 ni kavu na laini, hizo tumezirudisha kwenye mauzo na hatuzidai. Pakiti 532 zimeganda. Kwa shilingi 1,600 kila moja ni 851,200.

Juisi imepata adhabu mbili. Maji yaliyotoka kwenye ile kona yalitembea sakafuni hadi chini ya katoni zake, na katoni ikilowa nguvu ya kubeba inaisha. Juu ya hapo zilipangwa safu tisa kwa kimo, wakati kwenye katoni zenyewe mmechapa kwamba zisizidi sita. Katoni moja ina uzito wa kilo 12 na ushee. Kwa safu sita, ya chini kabisa inabeba kama kilo 62. Kwa safu tisa inabeba kilo 100, na hapo lori bado halijaanza kurukaruka. Matokeo yake katoni 14 za chini zimepondeka. Kati ya boksi ndogo 168 zilizokuwa ndani, 97 zinavuja au zimebonyea kona hadi mkunjo wa juu umeachia. Iliyoachia mkunjo haiuziki hata ikiwa bado haijavuja, kwa sababu hewa imeshaingia na baada ya siku chache itachacha kwenye rafu ya mteja, kisha lawama zinakuja kwetu. Zilizobaki 71 tumezifuta na kuziuza rejareja. Dai letu ni 97 kwa shilingi 2,500, sawa na 242,500.

Katoni tano za biskuti zimebanwa na biskuti zimekuwa chenga: 90,000. Mtaona kwenye picha kwamba pakiti nyingi za biskuti zimefura kama mto. Hizo hatuzidai. Ni jambo la kawaida kwa bidhaa iliyofungwa pwani ikapandishwa Mbeya, mita kama 1,700 juu ya usawa wa bahari. Hewa ya nje imepungua, ya ndani inasukuma. Hazijaharibika.

Hesabu kwa pamoja, kabla ya VAT:

Miche pungufu, maboksi 24 × 27,000 = 648,000
Biskuti pungufu, katoni 6 × 18,000 = 108,000
Sabuni ya unga iliyoganda, pakiti 532 × 1,600 = 851,200
Juisi iliyoharibika, boksi 97 × 2,500 = 242,500
Biskuti zilizovunjika, katoni 5 × 18,000 = 90,000
Jumla 1,939,700
VAT asilimia 18 = 349,146
Krediti noti tunayoomba 2,288,846

Tulilipa vibarua shilingi 45,000 za ziada kwa siku ya pili ya kuchambua. Hatujaziingiza kwa kuwa si bei ya bidhaa, na suala hili likiisha kwa wakati hatutazidai.

Najua jibu la kwanza huwa ni kwamba dilivari noti imesainiwa na kugongwa muhuri. Ni kweli imesainiwa. Ila juu ya saini, kwenye nakala zote tatu, yameandikwa kwa mkono maneno haya: "Miche 376, biskuti 194. Sabuni ya unga 31 zimelowa, juisi 14 na biskuti 5 zimepondeka. Tumepokea kwa masharti ya ukaguzi." Dereva naye ametia saini chini yake. Kama nakala aliyowarudishia haina maneno hayo, tujulisheni siku hiyo hiyo, maana basi kuna jambo jingine la kuulizana. Na Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa, Sura ya 214, iko wazi: mnunuzi aliyeletewa pungufu ya alichoagiza anaweza kukataa mzigo, na akiupokea analipia kile alichopokea kwa bei ya makubaliano. Sisi tumeupokea.

Hatutaki kufidiwa kwa bidhaa kwenye oda ijayo. Tumewahi kuona fidia ya namna hiyo ikichanganyika na mzigo mpya hadi pande zote mbili hazijui kipi kimelipiwa na kipi ni cha fidia. Tena risiti ya EFD mliyotupa ni ya kiasi chote. Bila krediti noti tutakuwa tumejirudishia kodi ya manunuzi kwa bidhaa ambazo hatukuzipata, na ninyi mtakuwa mmelipa kodi ya mauzo ambayo hayakufanyika. Tunaomba itaje namba ya ankara 2257, sababu, thamani na VAT yake kwa mstari wake, na itufikie ifikapo Ijumaa tarehe 28 Machi ili iingie kwenye ritani ya mwezi huu huu, ambayo inatakiwa TRA kufikia tarehe 20 Aprili.

Malipo hayasimami kwa sababu ya madai haya. Kiasi ambacho hakina mgogoro, shilingi 30,279,154, tutakilipa benki Ijumaa tarehe 4 Aprili, siku mbili kabla ya siku zetu 30 kuisha. Kilichobaki kinasubiri krediti noti.

Bidhaa zilizoharibika tumezitenga kwenye kona ya ghala na kuziandikia "haziuzwi". Wakala wenu wa Mbeya anaweza kuja kuzihesabu siku yoyote ya kazi kuanzia saa 2 asubuhi hadi saa 10 jioni. Sabuni inaweza kusubiri, hata mkitaka kuirudisha kwa lori linaloshuka Dar. Juisi haisubiri: imeanza kuita nyuki na siafu, na jirani yetu anauza mchele. Tutaimwaga Jumanne tarehe 18 Machi saa 4 asubuhi, wakala akiwepo au asipokuwepo, na pakiti zake tutazichana ili zisirudi mtaani. Picha zitapigwa.

Kama kuna namba mnayoipinga, tuandikieni kufikia Jumatano tarehe 19 Machi mkitaja ni mstari upi na kwa nini, ili hiyo moja ijadiliwe na nyingine zipite.

Kwa oda namba 121 ambayo tayari iko mezani kwenu: juisi isizidi safu sita na ipande juu ya miche, sio kukaa sakafuni, kontena likaguliwe paa kwa kumfungia mtu ndani kabla ya kupakia, ni kazi ya dakika mbili, na maboksi yahesabiwe yakiwa yanaingia, sio baada ya kupangwa. Mvua za huku zinaendelea hadi Aprili na zaidi.

Tumeambatanisha nakala ya ankara, dilivari noti yenye maelezo ya mkono, karatasi mbili za hesabu na picha 23 zenye saa na tarehe. Picha hizo zimetumwa pia kwa WhatsApp kwenye namba ya ofisi yenu ya mauzo.

Wako katika biashara,

(Sahihi na muhuri)
Meneja Manunuzi

Nakala: Mhasibu, Mtunza Ghala