Bakuli la Maua ya Buluu

Siku ya 29 ya Ramadhani, baada ya sala ya alasiri, mama alifungua kabati la jikoni akatoa vyombo vyote visivyokuwa vya nyumba yao. Akavipanga juu ya mkeka, kimoja kimoja.

"Rukia, njoo unisaidie. Hii ya nani?"

"Ya Bi Zuwena," alisema Rukia. "Ile siku ya kunde."

"Na hii?"

"Ya mke wa Maalim. Ilikuja na sambusa."

Rukia alikuwa na miaka tisa, na mwezi mzima kazi yake ilikuwa hiyo. Kila jioni, kabla ya adhana ya magharibi, vichochoro vya Kikwajuni hapa Unguja hujaa watoto waliobeba sahani. Huyu anapeleka muhogo wa nazi, yule anarudi na uji wa pilipili manga, mwingine anatembea taratibu kwa sababu ameshika mchuzi wa pweza na kaambiwa asimwage hata tone. Sahani hufunikwa kwa kawa la ukili, kwa hiyo Rukia hakuona alichobeba. Alikijua kwa harufu tu, na mwenye saumu harufu huijua vizuri sana.

Vyombo vilikwisha kutajwa vyote, kikabaki kimoja. Lilikuwa bakuli jeupe la bati, lenye maua ya buluu ubavuni. Ukingoni rangi ilikuwa imebanduka mahali padogo, pakaonekana peusi.

"Hili?" aliuliza mama.

Rukia aligeuza bakuli huku na huku. Hakuwahi kulibeba.

Bibi, aliyekuwa kibarazani akichambua iliki, alisema, "Hilo ndilo lililokuja na magimbi yale ya karanga. Nilikula kipande kimoja. Hapa mtaani kila mtu anapika magimbi kwa nazi, nikajiuliza nani huyu."

"Nani alilipokea?"

Wote wakamtazama Suleiman. Suleiman alikuwa na miaka minne. Yeye alifunga kila siku, kuanzia baada ya chai mpaka chakula cha mchana.

"Mimi," alisema. "Mama alikuwa anasali."

"Alileta nani, baba?"

Suleiman akafikiri. "Mama wa kuku."

"Mama wa kuku ndiyo nani?"

"Mama wa kuku," alisema tena, akashangaa vipi watu wazima hawaelewi kitu rahisi kama hicho.

Mama akaliosha bakuli, akalikausha kwa kitambaa, akaliweka peke yake juu ya meza. "Chombo cha mtu hakirudi kitupu," alisema. "Kesho au kesho kutwa, mwezi ukiandama, bakuli hili litarudi kwa mwenyewe na kitu ndani. Rukia, wewe utamtafuta."

Jioni ile walifuturu upesi, tende na uji, kisha watoto wote wa mtaa wakakimbilia mahali pa wazi kutazama magharibi. Kulikuwa na wingu zito. Huyu alisema ameuona, yule alisema ile ni ndege. Hawakuona kitu. Rukia alirudi nyumbani miguu mizito, akamkuta baba ameinama karibu na redio, mkono juu, maana yake nyamazeni. Kisha ikatangazwa: mwezi umeonekana!

Nje makelele yakalipuka. Watoto waliimba, mabati yakagongwa, na kutoka msikitini takbira ikaanza, Allahu Akbar, Allahu Akbar. Suleiman aliruka mpaka kofia ikamdondoka.

Usiku huo hakuna aliyelala mapema. Baba alipima mchele wa fitri, pishi moja kwa kila mtu wa nyumba: yeye, mama, bibi, Rukia na Suleiman.

"Hata mimi?" aliuliza Suleiman.

"Hata wewe. Na lazima ufike kwa wanaohitaji kabla hatujasali Idi, ili na wao asubuhi wapike."

Baba akatoka na mchele begani, usiku ule ule.

Jikoni bibi alikuwa na mkate wa kumimina. Mchele ulikuwa umerowekwa tangu asubuhi, ukasagwa pamoja na tui zito la nazi, ukatiwa hamira, sukari na iliki, ukaachwa ukiumuka chini ya kitambaa. Sasa bibi alikifunua kitambaa. Uji ulikuwa umepanda mpaka juu, umejaa vitundu, na ulipumua taratibu kama mtu aliyelala. Bibi akapaka sufuria mafuta, akaumimina. Moto chini, na juu ya mfuniko makaa. Rukia alichuchumaa akingoja. Harufu ya nazi inapoanza kuungua kidogo pembeni ndiyo dalili, bibi alimwambia, usiitazame saa, nusa. Mkate ulipotoka ulikuwa wa rangi ya dhahabu juu, na ukingo wake umekauka kama karatasi.

"Mmoja huu ni wa bakuli la maua," alisema bibi.

Asubuhi walioga, wakavaa nguo mpya. Gauni la Rukia lilikuwa la kijani, na lilikwaruza shingoni, lakini hakusema. Walisali Idi, wakapeana mikono na kila mtu. "Mkono wa Idi!" "Mkono wa Idi, mwanangu!" Kisha wakarudi, na mama akaanza kupakua: tambi zilizopikwa kwa nazi na zabibu, vipande vya mkate wa kumimina, visheti, vileja. Kila chombo kikajazwa, kikafunikwa.

Rukia alianza na Bi Zuwena, kwa kuwa Bi Zuwena anafuga kuku. Aliona fumbo limekwisha.

"Hodi!"

"Karibu! Oo, Rukia, umependeza kama arusi."

"Shikamoo Bi Zuwena. Mama anasema mkono wa Idi. Hii sahani yako, na bakuli hili, nalo ni lako?"

Bi Zuwena akalinyanyua bakuli juu, akachungulia chini yake. "Si langu. Vyombo vyangu vyote nimevitia nukta ya rangi ya kucha, nyekundu. Miaka thelathini nakaa mtaa huu, nisingekuwa na nukta ningekuwa sina kijiko." Akamtilia Rukia kaimati tatu mkononi.

Basi akaenda kwa Mama Salum, anayeuza kuku wa kukaanga jioni. Si lake. Mke wa Maalim naye akatikisa kichwa, akampa halua. Kwa Mzee Kombo hakutaka hata kuuliza, maana Mzee Kombo hana mke wala kuku. Alimpa tu sahani yake, na mzee akamsalimu vizuri, akamtia shilingi 500 ndani ya kiganja na kuvifunga vidole kimoja kimoja.

Mikono ya Rukia sasa ilikuwa na bakuli peke yake. Tambi zilikuwa zinapoa. Wenzake walikuwa wanakwenda kwenye pembea za Kariakoo, wanamwita, "Rukia, twende!" Akatamani kulirudisha bakuli kabatini aseme hakumpata mwenyewe. Akakaa kwenye baraza ya Mzee Kombo, miguu inamuuma kwa viatu vipya.

Ndipo akainua macho.

Ubavuni mwa nyumba ya Mzee Kombo palikuwa na kamba ya nguo. Kambani ilianikwa kanga moja, mbichi bado, inachuruzika maji. Ilikuwa ya manjano. Na kanga nzima, pembe hadi pembe, ilikuwa na kuku. Majike makubwa mekundu, na vifaranga nyuma yao.

Mama wa kuku!

Nyuma ya kamba palikuwa na mlango wa chumba cha uani. Rukia aliujua mlango ule. Mwezi mzima alikuwa akiupita na sahani zake, na mwezi mzima ulikuwa umefungwa. Alidhani chumba kile hakina mtu.

"Hodi," alisema, polepole.

Kimya. Akagonga tena. Kitasa kikazunguka, akatokea mwanamke mwenye macho ya usingizi, bado amevaa sare nyeupe.

"Shikamoo. Samahani kukuamsha."

"Marahaba, mama. Hata sijalala, ndiyo nimeingia kutoka zamu ya usiku." Kisha akaona bakuli. Mkono ukaenda mdomoni. "Jamani. Bakuli langu!"

"Mama anasema mkono wa Idi. Na bibi anauliza magimbi yale nani alipika."

Yule mwanamke akacheka, akakaa kizingitini, akalipokea bakuli kwa mikono miwili. Jina lake lilikuwa Neema. Nesi. Amehamishiwa Unguja miezi miwili tu, kwao ni Mbeya, na wanawe wawili wako huko kwa bibi yao.

"Mimi Mkristo, sifungi," alisema. "Lakini mchana nimelala nawasikia watoto mnapita hapa na sahani, mnacheka. Na ile harufu! Siku moja sikuwa na zamu, nikasema na mimi nipike kama kwetu, nipeleke. Nikaogopa labda hamtapenda. Nikampa mtoto mdogo nikakimbia."

Rukia alitazama viatu vyake. Alihesabu kichwani. Mara 29 alikuwa ameupita mlango huu, wakati mwingine na sahani mbili, na hata mara moja hakuwahi kugonga.

"Anti Neema," alisema mwishowe, "sisi hatukujua kama kuna mtu."

"Ungejuaje, mama? Mlango umefungwa."

Alivunja kipande cha mkate wa kumimina, akakila pale pale kizingitini, na Rukia akamsubiri mpaka akamaliza. Kisha akakimbia nyumbani, viatu mkononi, akamweleza mama yote kwa pumzi moja. Mama hakusema mengi. Alichukua buibui lake, akatoka yeye mwenyewe.

Mchana, baada ya Anti Neema kulala saa chache, pilau ilipakuliwa kwenye sinia kubwa na kachumbari pembeni. Mzee Kombo aliitwa. Bi Zuwena alikuja na kuku mzima wa kupaka. Watu walikuwa wanakaa mkekani wakati mlango uliposukumwa, na Suleiman, mdomo umejaa zabibu, akainuka na kunyoosha kidole.

"Huyo! Si niliwaambia? Mama wa kuku!"

Anti Neema alikuwa mlangoni, kanga ya manjano begani, haijakauka sawasawa. Mkononi alishika bakuli la maua ya buluu, limefunikwa sahani. Bibi akamsogezea nafasi karibu yake. Akaifunua sahani, akachukua gimbi moja, akatafuna taratibu huku amefumba macho.

"Karanga hizi," akauliza, "ulizikaanga kwanza, au umezitwanga mbichi?"