Nakala safi ya ujumbe wa sauti wa Mratibu wa Chanjo kuhusu friji iliyoshuka chini ya nyuzi sifuri

Ndugu Mratibu,

Ujumbe wako wa sauti wa jana jioni nimeuandika wote na kuusafisha, ili uweze kuingia kwenye jalada la kila kituo na kusomwa na mhudumu ambaye hakuwa kwenye kundi ulipoutuma. Nimeondoa vituo vya kuvuta pumzi, maneno uliyoyarudia ukitafuta sentensi, na sentensi ulizoziacha njiani na kuzianza upya. Pale ulipojisahihisha mwenyewe nimebakiza usahihisho na kuacha kosa. Maneno ya Kiingereza uliyoyasema katikati ya Kiswahili sikuyagusa wala kuyatafsiri, kwa sababu wahudumu waliyasikia hivyo, na mengine ndiyo yale yale yaliyochapwa kwenye fomu na lebo wanazozishika kila siku. Maneno kama friji, chati na ripoti, ambayo sote tunayasema kama Kiswahili, nimeyaandika kwa tahajia yetu.

Ili uone kazi ilivyofanyika, hiki ni kipande kimoja kama kilivyotoka kwenye sauti: “Sasa hiyo, eeh, hiyo shake test, mnatikisa kwa dakika kumi, sorry, sekunde, sekunde ten to fifteen, halafu, halafu you put them side by side, sawa, side by side, mnaangalia.” Utakikuta kwenye aya ya nne hapa chini kikiwa kimetulia. Neno “sorry” limeondoka pamoja na kosa lililolisababisha, lakini “ten to fifteen” na “you put them side by side” yamebaki kama ulivyoyatamka.

Ujumbe

Habari za jioni, ndugu zangu wa vituoni. Nazungumza nanyi kuhusu friji ya chanjo ambayo asubuhi ya leo kifaa chake cha kurekodi joto kimeonyesha low alarm, maana yake ni kwamba joto lilishuka hadi nyuzi -0.5 au chini ya hapo kwa muda usiopungua dakika 60. Umeme ulikatika jana mchana, ulivyorudi mtu akaona friji ina joto akazungusha kidhibiti kwenda kwenye baridi zaidi, na usiku friji ikaendelea kupoa bila mtu wa kuiangalia. Nawaomba sana, don't panic, but don't vaccinate either. Chanjo zote zilizokuwa kwenye friji hiyo zitolewe, ziwekwe kwenye friji nyingine yenye nyuzi kati ya 2 na 8, ndani ya mfuko wenye maandishi makubwa DO NOT USE, na zikae hapo hadi tutakapomaliza kuzichunguza. Kama alarm ilidumu zaidi ya hiyo saa moja, I'm not hundred percent sure, kwa hiyo tunazihesabu zote kuwa zimeguswa na baridi.

Siyo kila chanjo inaharibiwa na kuganda, na hapa ndipo wengi wetu tunachanganya mambo. Polio ya matone haina shida na barafu, na surua na BCG zikiwa bado ni unga hazina shida pia. Zile ambazo ni freeze-sensitive ni pentavalenti, pepopunda, homa ya ini B, chanjo ya nimonia, HPV, polio ya sindano na rota. Hizi zikiganda mara moja zimekwisha, hata zikiyeyuka na kurudi kuonekana safi machoni. Chanjo iliyoganda inaweza kumwacha mtoto bila kinga huku kadi yake ikisema amechanjwa, na mama atakwenda nyumbani akiwa na amani ambayo hatukumpa kwa haki. That is what keeps me awake, ndugu zangu, siyo hasara ya vichupa.

Nimeulizwa na wenzetu wawili leo kama hawawezi kuangalia VVM na kumaliza. Jibu ni hapana. Ile alama ya mraba ndani ya duara inapima joto lililojikusanya tangu kichupa kilipotoka kiwandani. Mraba ukiwa mweupe kuliko duara unaweza kutumia, ukifanana na duara au ukiwa mweusi zaidi unatupa. Lakini VVM is blind to freezing. Kichupa kinaweza kuganda usiku kucha na mraba ukabaki mweupe kabisa, kwa hiyo mtu asiniambie kesho kwamba ameruhusu chanjo kwa sababu VVM ilikuwa fine.

Kinachotusaidia ni shake test, na naomba tuifanye kwa utaratibu wake bila kuruka hatua. Mnachukua kichupa kimoja cha aina ile ile, kutoka kiwanda kile kile na batchi ile ile, mnakiandika FROZEN, mnakigandisha usiku kucha hadi kiwe jiwe, kisha mnakiacha kiyeyuke chenyewe bila kukipasha moto. Hicho ndicho control. Mnashika control na kichupa mnachokishuku kwa mkono mmoja, mnavitikisa kwa nguvu kwa sekunde ten to fifteen, halafu you put them side by side juu ya meza iliyotulia, na mnaangalia kwa muda usiozidi dakika 30 bila kuvigusa. Kama kichupa mnachokishuku kinatua mashapo taratibu kuliko control, hakikuganda na kinaweza kutumika. Kama kinatua kwa kasi ile ile au zaidi, discard it, no negotiation. Kichupa ambacho mmekikuta kimeganda kuwa barafu hakihitaji kipimo chochote, hicho kinaondolewa moja kwa moja.

Tafadhali msikilize hapa vizuri: the test only works kwa chanjo zenye alumini ndani yake, kwa sababu ni zile chembe za alumini ndizo zinazoshikamana zikiganda na kutua haraka. Polio ya sindano na rota hazina alumini. Ukizitikisa hutaona kitu, na kutokuona kitu hakumaanishi kwamba ziko salama. Kwa hizo mbili, kama kuna ushahidi wa kuganda, you don't test, you report, na mnasubiri maelekezo yangu. Na kipimo kifanyike kwa kila batchi peke yake. Msichukue jibu la batchi moja mkalipa batchi nyingine.

Sasa kuhusu chanzo. Umeme ukirudi, nobody touches the thermostat. Friji iliyopata joto itapoa yenyewe ikipewa muda, lakini ukiikaza itaendelea kupoa hata baada ya kufika mahali pake, na usiku kunapokuwa na baridi ndipo inapovuka mpaka. Kidhibiti kirekebishwe na mtu mmoja anayejulikana, kwa kuangalia usomaji wa asubuhi, ambapo friji huwa na baridi zaidi. Joto lisomwe asubuhi na jioni na kuandikwa kwenye chati siku zote 7, pamoja na Jumamosi na Jumapili, write it down even when it's normal, kwa sababu mstari wa kawaida ndio unaotuonyesha mahali mstari ulipovunjika. Vichupa visigusane na ukuta unaotoa baridi, na viachiwe nafasi hewa ipite kati yake.

Jambo linalofanana na hili linatokea kwenye vibebeo, na wala halipigi alarm. Mnatoa ice packs kwenye frizi zikiwa jiwe, mnazipanga moja kwa moja na chanjo, mnakwenda kliniki ya nje, na pentavalenti inaganda njiani kabla hamjafika. Kila pakiti ni lazima iwe conditioned: iache nje hadi ukiitikisa karibu na sikio usikie maji yakicheza ndani. I know the queue is long, najua akina mama wamefika tangu alfajiri, lakini hiyo subira ni sehemu ya chanjo yenyewe. Na vimiminika vya kuchanganyia surua na BCG visigandishwe kamwe, kwa sababu chupa ya kioo inaweza kupasuka. Viwekwe kwenye friji kuanzia siku moja kabla, ili vikutane na unga vikiwa na baridi ile ile. Baada ya kuchanganya mna saa 6 tu au hadi mwisho wa kliniki, whichever comes first, kisha kilichobaki kinatupwa.

Mwisho, naomba ripoti. Kila kituo kiandike idadi ya vichupa kwa aina, namba ya batchi, tarehe ya mwisho wa matumizi, na jibu la kipimo kwa kila batchi, kisha aliyefanya na aliyeshuhudia waweke sahihi. Mtu aliyezungusha kidhibiti asitafutwe ili aadhibiwe. This is not a witch-hunt. Tukimtisha huyu mmoja, wengine watajifunza kuficha chati, na friji inayofichwa ndiyo itakayotuumiza zaidi. Kituo chenye friji ya ziada [haisikiki] kisaidie kuhifadhi hadi kesho. Asanteni, na usiku mwema.

Mambo matatu ninayohitaji uyathibitishe

Kwenye sentensi ya mwisho kabla ya kuaga, pikipiki ilipita karibu nawe na maneno yako yakazama. Nadhani ulitaja kituo kwa jina, lakini sikutaka kubahatisha, kwa sababu kituo kitakachoandikwa hapo ndicho kitakachoanza kupokea masanduku ya watu wengine. Tafadhali niandikie maneno yenyewe.

Neno “kesho” limetokea mara mbili. Kwa aliyesikia ujumbe jana halina utata, ila kwa atakayesoma jaladani halitakuwa na maana. Nimeliacha ndani ya maneno yako, nami nitaweka tarehe ya kurekodiwa juu ya ukurasa ili msomaji ahesabu kutoka hapo.

La tatu ndilo lililonichukua muda zaidi. Kwenye aya ya kwanza ulisema “I'm not hundred percent sure” kuhusu muda wa alarm, kwa sauti ya chini, ukaendelea haraka. Ingekuwa rahisi kuichukua kama maneno ya kujazia na kuiondoa pamoja na zile “eeh”, na aya ingesomeka kwa uhakika mzuri. Nimeibakiza palepale na kwa lugha ile ile, kwa sababu shaka hiyo ndiyo iliyokufanya uamue kuzihesabu chanjo zote kuwa zimeguswa, na bila hiyo msomaji hataelewa kwa nini hata polio ya matone ilitolewa kwenye friji. Kama umekwisha kusoma kumbukumbu za kifaa na kujua muda kamili, usiniambie niubadilishe ujumbe. Nitumie muda huo pamoja na tarehe uliyousoma, nami nitauweka kama nyongeza chini ya nakala, ikitenganishwa wazi na maneno uliyoyasema jana.